Meneja Hodari au Meneja Mwenye Bahati?

Mwaka 1968 mwanauchumi kijana wa Marekani, Michael Jensen, alichapisha utafiti kuhusu mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya nchini mwake. Watu walikuwa wakinunua vipande vya mifuko hiyo kwa kuamini kwamba wataalamu wanaoiendesha wanajua kuchagua hisa kuliko mtu wa kawaida. Jensen alichukua mifuko 115, akakusanya faida zake za mwaka hadi mwaka kati ya 1945 na 1964, kisha akauliza: ukiiondoa ile faida iliyoletwa na soko lenyewe kupanda, meneja anabaki na nini cha kujivunia?

Jibu halikuwapendeza mameneja. Kwa wastani, kilichobaki ni pungufu ya asilimia 1.1 kwa mwaka, baada ya gharama za uendeshaji kukatwa. Hata gharama hizo ziliporudishwa kwenye hesabu, ili mameneja wapimwe kwa kuchagua hisa tu, wastani ulikuwa bado chini ya sifuri kwa asilimia 0.4.

Kiasi hicho kinachobaki ndicho kinachoitwa alfa. Zaidi ya nusu karne baadaye, namba hiyo ingali inaandikwa kwenye ripoti za mifuko kote duniani, na mara nyingi inaandikwa vibaya: inatolewa peke yake, bila kuelezwa imepimwa dhidi ya soko lipi wala inaweza kuwa imekosea kwa kiasi gani. Msomaji anaambiwa mfuko una alfa ya asilimia 2.5 kwa mwaka, naye anaondoka akiamini meneja ni hodari. Huenda ni kweli. Huenda pia ni bahati tupu, na hesabu ileile iliyotoa alfa ina uwezo wa kuonyesha uzito wa kila upande, endapo mtu ataisoma mpaka mwisho.

Tatizo la kwanza ni kwamba kulinganisha faida ya mfuko na faida ya soko moja kwa moja hakutoshi. Mfuko ulioweka fedha zote kwenye hisa za kampuni zinazopanda na kushuka kwa kasi utalipita soko katika miaka ya neema, na utaanguka zaidi yake katika miaka ya shida. Mfuko ulioweka theluthi ya fedha benki utafanya kinyume chake. Hakuna ustadi wowote hapo. Ni kiasi tu cha hatari ambacho kila mfuko umekubali kubeba. Kipimo cha hatari hiyo huitwa beta. Beta ya 1 maana yake mfuko unakwenda sambamba na soko. Beta ya 0.5 maana yake soko likipanda kwa asilimia 10, mfuko unatarajiwa kupanda kwa 5 tu. Katika mifuko ya Jensen wastani wa beta ulikuwa 0.84, kwa hiyo kuilinganisha na soko zima bila kusahihisha tofauti hiyo kungekuwa kuionea.

Tatizo la pili ni kwamba sehemu ya faida ya mfuko wowote ingepatikana bila kuthubutu lolote. Mwenye fedha angeweza kuikopesha serikali kwa miezi mitatu na kulipwa riba yake bila wasiwasi. Kwa hiyo, kabla ya hesabu yoyote, riba ya dhamana za serikali za muda mfupi huondolewa kwenye faida ya mfuko, na huondolewa pia kwenye faida ya soko. Kinachobaki pande zote mbili huitwa faida ya ziada, yaani malipo ya kukubali hatari.

Hapo ndipo inapoingia regresheni. Chukua karatasi ya grafu. Kwenye mhimili wa mlalo weka faida ya ziada ya soko, kwenye mhimili wa wima weka faida ya ziada ya mfuko, na kila mwezi uwe nukta moja. Baada ya miaka mitano kuna nukta 60 zilizotawanyika kama wingu lililoinama. Regresheni inachora mstari mmoja katikati ya wingu hilo, ule ambao jumla ya miraba ya masafa yake ya wima kutoka kwenye nukta ni ndogo kuliko ya mstari mwingine wowote. Mwinamo wa mstari ni beta. Mahali mstari unapokata mhimili wa wima, pale ambapo faida ya ziada ya soko ni sifuri, ndipo ilipo alfa: kile ambacho mfuko huzalisha kwa wastani wakati soko halijaupa chochote wala kuunyang'anya chochote.

Kazi yote inafanyika kwenye programu ya majedwali. Safu ya B ibebe faida ya mfuko kila mwezi, C faida ya fahirisi ya soko, D riba ya serikali iliyogeuzwa kuwa ya mwezi. Safu ya E iwe B kutoa D, na F iwe C kutoa D. Kisha, kwa miezi 60, fomula ni hii:

```
=LINEST(E2:E61,F2:F61,TRUE,TRUE)
```

Linatokea jedwali dogo la safu mbili. Mstari wa kwanza una beta kushoto na alfa kulia. Wengi huishia hapo. Lakini mstari wa pili, chini ya kila namba, una kitu kinachoitwa kosa sanifu, na hilo ndilo linaloeleza alfa ile ni ya kuaminiwa kiasi gani.

Tuchukue mfuko wa kubuni, wenye namba zisizo mbali na zinazoonekana kwenye masoko halisi. Kwa miaka mitano umetoa faida ya wastani wa asilimia 1.30 kwa mwezi, wakati soko limetoa 1.20 na dhamana za serikali 0.50. Faida ya ziada ya mfuko ni 0.80, ya soko ni 0.70. Regresheni inatoa beta ya 0.85. Basi, kwa hatari iliyobebwa, mfuko ulitarajiwa kuleta 0.85 mara 0.70, yaani 0.595. Umeleta 0.80. Tofauti, asilimia 0.205 kwa mwezi, ndiyo alfa, na kwa mwaka ni karibu asilimia 2.5.

Si haba hata kidogo. Shilingi milioni 10 zikiongezewa asilimia 2.5 kila mwaka kwa miaka 20 juu ya stahili yake, mwenye fedha ataiona tofauti hiyo kwa macho. Ndiyo maana idara ya matangazo ya mfuko kama huu haitangoja siku ya pili.

Sasa tuangalie upande wa pili. Nukta hazikukaa juu ya mstari. Mwezi mmoja mfuko ulikuwa juu ya mstari kwa asilimia 2, mwezi uliofuata ukawa chini kwa asilimia 1.5, kwa sababu kampuni moja ilitangaza hasara, nyingine ikapata zabuni, ya tatu ikabadilisha uongozi. Umbali huo kati ya nukta na mstari huitwa masalio, na katika mfano wetu mtawanyiko wake wa kawaida ni asilimia 1.8 kwa mwezi. Alfa ni wastani uliochujwa ndani ya kelele hiyo. Kosa lake sanifu, kwa kukadiria, ni 1.8 kugawanya kwa kipeuo cha pili cha 60, yaani 0.23, kompyuta itaongeza kidogo kwa kuwa beta nayo imekadiriwa, na kutoa 0.235.

Alfa ni 0.205. Kosa lake sanifu ni 0.235. Kosa limeizidi namba yenyewe.

Gawanya ya kwanza kwa ya pili, unapata 0.87, ambayo wanatakwimu huiita thamani ya t. Kwa desturi, alfa haihesabiwi kuwa na umuhimu wa kitakwimu mpaka t ifike karibu 2, iwe juu ya sifuri au chini yake. Hiyo 0.87 inasema hivi: kama meneja huyu hana ustadi wowote, na alfa yake ya kweli ni sifuri kamili, bado alfa yenye ukubwa kama huu, ya kupanda au ya kushuka, ingejitokeza yenyewe karibu mara mbili kati ya kila vipindi vitano. Kwa maneno mengine, alfa ya kweli ya mfuko huu inaweza kuwa popote kati ya hasara ya asilimia 3.2 kwa mwaka na faida ya asilimia 8.1, na data za miaka mitano hazina nguvu ya kuibana zaidi ya hapo.

Kuna jambo moja la kuangaliwa hapa, kwa kuwa hata wanaozijua namba hulikosea. Thamani ndogo ya t haisemi kwamba meneja hana ustadi. Inasema ushahidi hautoshi kumtofautisha na asiye nao. Anayesoma 0.87 na kutangaza kuwa meneja ni mbabaishaji amekosea sawasawa na yule aliyesoma 2.5 na kumwita hodari.

Basi ushahidi wa kutosha ungehitaji muda gani? Hesabu ni rahisi, na jibu lake linasikitisha. Ili alfa ya 0.205 ifikishe t ya 2, huku kelele ikibaki ileile, zinahitajika nukta kama 316 za kila mwezi. Hiyo ni miaka 26. Wachache wanaoendesha mfuko mmoja kwa muda huo, na mwekezaji aliyeanza kungoja akiwa na miaka 35 atapata jibu akiwa amekwisha kustaafu.

Mtu mwerevu atauliza kwa nini tusitumie faida za kila siku badala ya kila mwezi. Miaka mitano ina siku za soko zaidi ya 1,200, nukta tele. Haisaidii. Alfa ya siku moja ni ndogo kuliko ya mwezi karibu mara 21, kwa kuwa mwezi una siku za soko kama 21, ilhali kelele ya siku inapungua kwa kipeuo cha pili cha 21 tu, yaani kama mara nne na nusu. Nukta zilizoongezeka zinafidia pengo hilo na kuishia palepale: t haibadiliki. Beta ndiyo inayofaidika na data za kila siku, kwani mwinamo wa mstari unaonekana vizaidi nukta zikiwa nyingi. Kwa alfa, kinachohesabika ni urefu wa kipindi, miaka, na miaka haikatwi vipande ikawa mingi.

Turudi kwa Jensen, maana yeye aliliona jambo la ziada. Kati ya mifuko yake 115, mifuko 14 ilikuwa na t iliyo chini ya hasi 2, yaani ilishindwa kwa kiwango kisichoelezeka kwa bahati mbaya tu. Iliyokuwa na alfa chanya yenye umuhimu wa kitakwimu, baada ya gharama, ilikuwa mitatu. Ingekuwa rahisi kuichukua hiyo mitatu na kusema hawa ndio mahodari wa kweli. Jensen alikumbusha kwamba hata kama mifuko yote 115 ingekuwa na alfa ya kweli ya sifuri, asilimia 5 yake, mitano au sita hivi, ingeonekana kuwa na umuhimu kwa bahati peke yake. Mitatu ni pungufu ya hapo. Ndiyo kusema t ya 2 ina uzito pale tu mfuko ulipochaguliwa kabla ya kuangalia matokeo. Ukiupata kwa kupekua orodha ya mia na kuchagua ulioongoza, umechagua pamoja na bahati yake, na 2 ile haitoshi tena.

Yote hayo yanachukulia kwamba soko limepimwa sawasawa. Kesi iliyo bora zaidi kuhusu hilo ilitokea miaka ishirini na ushei baada ya Jensen. Mwaka 1989 Richard Ippolito alipima mifuko 143 ya Marekani kwa kipindi cha 1965 hadi 1984 na kupata alfa chanya, takribani asilimia 0.8 kwa mwaka. Ilionekana kama mameneja wamejisafisha. Kisha mwaka 1993 Edwin Elton na Martin Gruber, pamoja na Sanjiv Das na Matthew Hlavka, wakairudia hesabu. Waligundua kuwa mifuko ile ilikuwa na hisa za kampuni ndogo, ambazo hazimo katika fahirisi ya S&P 500 iliyotumika kuwakilisha soko. Katika kipindi kile kampuni ndogo zilikuwa zimefanya vizuri mno. Meneja yeyote aliyezishika, hata kwa kuokota ovyo, angeonekana kulishinda soko. Faida za kampuni ndogo zilipoingizwa kwenye regresheni, alfa iligeuka kuwa hasi, karibu asilimia 1.6.

Mifuko ni ileile, miaka ni ileile, na alama imegeuka kutoka chanya kuwa hasi kwa sababu ya fahirisi. Kwa hiyo alfa daima ni alfa dhidi ya kitu fulani, na kitu hicho lazima kifanane na kile mfuko unachonunua. Kosa dogo la aina hiyohiyo ni kutumia fahirisi inayofuata bei za hisa tu na kusahau gawio. Mfuko unapokea gawio na kulihesabu; fahirisi hailihesabu; na meneja anasifiwa kwa gawio ambalo kampuni zingelilipa hata yeye asingekuwepo.

Afrika Mashariki ina mitego yake miwili. Wa kwanza ni riba ya serikali. Marekani, katika miaka ambayo riba ilikaribia sifuri, kusahau kuiondoa kulikuwa hakudhuru sana. Kenya, katika nusu ya kwanza ya 2024, dhamana za serikali za siku 91 zililipa zaidi ya asilimia 15 kwa mwaka. Anayepitisha regresheni kwenye faida ghafi bila kuondoa riba hiyo anaongeza kwenye alfa kiasi cha riba mara moja kutoa beta. Mfuko wenye beta ya 0.6 utapewa asilimia 6 za bure kila mwaka. Hata mfuko wetu wa mfano, wenye riba ya 0.50 tu kwa mwezi, ungepanda kutoka 0.205 hadi 0.28.

Mtego wa pili ni hisa zinazokaa bila kuuzwa. Katika masoko ya Nairobi na Dar es Salaam kuna kampuni ambazo hisa zake hupitisha siku kadhaa bila mnunuzi, na bei inayoandikwa kwenye vitabu vya mfuko inabaki kuwa ya muamala wa mwisho. Fahirisi, inayobebwa na kampuni chache kubwa kama Safaricom kule Nairobi, imekwisha kusogea. Mfuko unaifuata mwezi ujao. Regresheni ya kawaida inaona mfuko usioyumba na soko, inaupa beta ndogo, na alfa inafura. Tiba yake ni kuongeza safu ya faida ya ziada ya soko ya mwezi uliotangulia. Kama mwezi wa sasa unatoa 0.55 na uliotangulia 0.25, basi beta ya kweli inakaribia 0.80, na kwa soko lenye faida ya ziada ya 0.70 kwa mwezi, asilimia 2 za alfa ya mwaka zinayeyuka. Safu hiyo ya pili ikitoa namba iliyo karibu na sifuri, hakuna cha kuhofia.

Ipo pia hali iliyo kinyume na yote yaliyosemwa, ambapo t ni kubwa mno. Fairfield Sentry ulikuwa mfuko uliompa Bernard Madoff fedha za wateja wake, na kwa miaka mingi ulitangaza faida karibu kila mwezi bila kujali soko limepanda au limeporomoka. Beta yake ilikuwa karibu na sifuri, masalio yake yalikuwa madogo ajabu, na hivyo alfa yake ilikuwa na umuhimu wa kitakwimu ambao meneja mwaminifu hawezi kuuota. Harry Markopolos, mchambuzi wa Boston, aliwaandikia wasimamizi wa masoko wa Marekani kuanzia mwaka 2000 akieleza kuwa namba hizo haziwezekani. Madoff alikamatwa Desemba 2008. Faida zilikuwa zimetungwa. Regresheni hupima namba ilizopewa, haiulizi zimetoka wapi, na kelele ikikosekana kabisa kwenye mfuko unaodai kununua hisa, hiyo ni sababu ya kuanza kukagua vitabu.

Tanzania na Kenya hazikosi data za kuanzia. Thamani za vipande vya mifuko hutangazwa, fahirisi za masoko ya Dar es Salaam na Nairobi zinapatikana, na benki kuu za nchi zote mbili huchapisha matokeo ya minada ya dhamana za serikali. Linalohitajika ni mameneja kuiweka alfa yao pamoja na kosa lake sanifu, idadi ya miezi, na jina la fahirisi iliyotumika, ikielezwa kama gawio limo au halimo. Mwekezaji anayeletewa alfa isiyo na mambo hayo aombe faida za mwezi hadi mwezi tangu mfuko uanzishwe, na aipige hesabu mwenyewe kabla ya kutoa fedha.